Kumpinga mhakiki bila kumvunjia heshima: barua ya majibu inapotafsiriwa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

Waandishi wanapopokea maoni ya wahakiki kutoka jarida la kitaaluma, swali moja haliishi kuulizwa: je, tunaruhusiwa kukataa? Wapo wanaoamini kwamba kila alichosema mhakiki ni amri, na asiyekitekeleza makala yake itakataliwa. Wapo pia wanaoamini kwamba mwenye hoja nzuri hana haja ya kumbembeleza mtu. Mkanganyiko huzidi pale barua inapoandikwa kwanza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha wanayojadiliana waandishi, kisha ikatafsiriwa kwa Kiingereza kwa sababu jarida ni la Kiingereza. Barua iliyotoka na heshima tele hufika ikisomeka kama ya mtu mkali au, vibaya zaidi, kama ya mtu anayekiri kosa ambalo hakulifanya.

Tuanze na nani ni nani. Mhakiki ni mtaalamu wa fani husika anayeombwa na jarida asome makala na kutoa ushauri, na mara nyingi jina lake hufichwa. Mhariri ndiye anayepokea ushauri huo na kuamua makala ichapishwe, irekebishwe au ikataliwe. Barua ya majibu ni maandishi ambayo waandishi huyatuma pamoja na makala iliyorekebishwa, wakijibu kila hoja ya mhakiki moja baada ya nyingine: nini kimebadilishwa, kiko ukurasa gani, na kama hakikubadilishwa, kwa nini.

Hapo ndipo dhana ya kwanza inapoanguka. Mhakiki hana kura ya mwisho. Mhariri husoma pande zote mbili, na mara nyingi si bingwa wa kila kipengele kinachobishaniwa. Kwa hiyo barua ina wasomaji wawili kwa wakati mmoja: mhakiki, ambaye asijione ametukanwa, na mhariri, ambaye lazima aweze kuiona hoja yenyewe bila kuitafuta. Barua inayomridhisha mmoja na kumwacha mwingine gizani haijafanya kazi yake.

Njia nzuri ya kulielewa jambo hili ni kuifuata hoja moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nitatumia mfano wa kubuni, ila ubishi wenyewe ni wa kweli na hutokea mara kwa mara katika tafiti za tiba.

Watafiti wamewachukua watu 120 wenye presha. Kwa kutumia kompyuta wamewagawa kwa bahati nasibu: 60 wanapokea ujumbe wa simu unaowakumbusha kumeza dawa, na 60 wanaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ya kikundi cha ujumbe iko chini kwa wastani wa 6 mmHg kuliko ya kikundi kingine. Katika Jedwali la 1, linaloonyesha hali ya washiriki kabla ya utafiti kuanza, wastani wa umri ni miaka 52 kwa kikundi cha ujumbe na miaka 47 kwa kikundi cha huduma ya kawaida. Mhakiki ameliona hilo. Anasema vikundi havilingani, kwamba ugawaji unaonekana haukufaulu, na kwamba waandishi lazima waongeze thamani ya p kwenye kila mstari wa jedwali.

Thamani ya p, kwa lugha nyepesi, hujibu swali hili: kama kilichopo ni bahati tupu, kuna uwezekano gani wa kuona tofauti kubwa kama hii au zaidi? Swali hilo lina maana pale usipojua kama ni bahati au la. Lakini hapa tunajua. Watu waligawanywa kwa bahati nasibu kabla hawajafanyiwa chochote, kwa hiyo tofauti yoyote iliyopo siku ya kwanza imeletwa na bahati, maadamu ugawaji haukuchezewa. Ni kama karata: zikichanganywa vizuri, mchezaji mmoja anaweza kupata karata nyingi kubwa, na hilo pekee halionyeshi kwamba aliyegawa alikosea.

Kuna na hesabu yake. Jedwali likiwa na sifa 10 zisizotegemeana, na ukaipima kila moja kwa kiwango cha 0.05, uwezekano wa kupata angalau moja inayoonekana "ina tofauti kubwa" ni kama asilimia 40, hata ugawaji ukiwa safi kabisa. Kwa upande mwingine, sifa yenye uzito mkubwa juu ya matokeo inaweza kutofautiana kidogo, thamani ya p isishtuke, na bado ikapotosha jibu. Ndiyo maana waraka wa ufafanuzi wa mwongozo wa CONSORT wa mwaka 2010, uliotumika duniani kote katika kuripoti majaribio ya aina hii hadi toleo jipya lilipotoka mwaka 2025, unasema vipimo hivyo havihitajiki na vinaweza kupotosha.

Kwa hiyo waandishi wana haki ya kukataa. Wamekaa pamoja, wakaandika jibu lao kwa Kiswahili:

> Kwanza kabisa tunamshukuru sana Mhakiki kwa maoni yake mazuri. Tunaomba radhi kwa suala la umri. Hata hivyo, kwa heshima zote, tunaomba kutofautiana naye, kwani huenda hakutuelewa vizuri. Washiriki walichaguliwa kwa bahati nasibu, hivyo thamani za p hazina maana. Ndiyo maana hatujaziongeza.

Mswahili akiisoma aya hii haoni ukali. Shukrani zimetangulia, radhi imeombwa, na hata neno "huenda" limewekwa ili kulainisha. Sasa itazame baada ya kutafsiriwa neno kwa neno:

```
First of all we thank the Reviewer very much for his good comments.
We apologize for the age issue. However, with all due respect, we beg
to differ with him, as perhaps he did not understand us well. The
participants were randomly selected, so p-values are meaningless.
That is why we have not added them yet.
```

Hakuna kosa la sarufi la kukufanya ushtuke. Makosa yaliyomo ni mabaya kuliko ya sarufi.

Nianze na lililo zito kuliko yote, ambalo halihusu adabu hata kidogo. Katika mazungumzo ya Kiswahili tunasema watu "walichaguliwa kwa bahati nasibu" tukiwa na maana mbili tofauti. Ya kwanza ni kuwapata washiriki kutoka kwa umma, yaani nani aingie kwenye utafiti. Ya pili ni kuwagawa wale waliokwisha kuingia, yaani nani aende kikundi gani. Mfasiri aliyeandika `randomly selected` amechukua ya kwanza. Hoja nzima ya waandishi imesimama juu ya ile ya pili, ambayo Kiingereza cha fani huiita `randomly allocated` au `randomly assigned`. Mhakiki akisoma kwamba washiriki waliteuliwa kwa nasibu kutoka kwa umma, atajibu, na atakuwa sahihi, kwamba hilo halielezi hata kidogo kwa nini umri ulitofautiana kati ya vikundi. Waandishi watakuwa wameshindwa ubishi ambao walikuwa na haki ya kuushinda, na wataamini wameonewa. Nawasihi wanaotafsiri barua hizi: kabla ya kugusa sentensi za adabu, tafuta neno ambalo hoja imebebwa nalo, lilinganishe na lile lililotumika ndani ya makala yenyewe, na usilibadilishe popote.

Linalofuata ni "tunaomba radhi". Kwetu, radhi huombwa hata na asiye na kosa, ili kulegeza mazungumzo. Mtu huomba radhi kabla ya kumkatiza mwenzake au kumwambia jambo lisilopendeza. `We apologize for the age issue` haliwi hivyo mbele ya mhariri. Analisoma kama ungamo: kulikuwa na kasoro katika umri, na waandishi wanaikubali. Kisha sentensi inayofuata inadai hakuna kasoro. Barua imejipinga yenyewe ndani ya mistari miwili. Tiba ni kuiacha radhi kwa ajili ya makosa halisi, kwa mfano jedwali lililowekewa namba isiyo yake, na mahali pake kuweka shukrani inayotaja kitu mahususi alichokiona mhakiki.

"Kwa heshima zote" na "tunaomba kutofautiana" yana kisa chake. Kwa Kiswahili yote mawili yanapunguza makali, na "tunaomba" ni ombi hasa. Kiingereza kinayo mafungu yanayofanana nayo kwa sura, lakini yamezoeleka katika midomo ya watu wanaokaribia kugombana. Anayesikia `with all due respect` hujiandaa kupokea pigo, na `we beg to differ` husikika kama mlango uliofungwa. Mwandishi alitaka kuinama, na msomaji akaona amenyooshewa kidole.

"Huenda hakutuelewa" inamweka mhakiki mwenyewe mezani badala ya hoja. Hata ikilainishwa, bado inasema kasoro iko kichwani mwake. Na mara nyingi mhakiki kutoelewa ni dalili kwamba makala haikueleza vya kutosha, hivyo sentensi yenye manufaa ni ile inayosema maelezo hayakuwa wazi na sasa yamepanuliwa, ikiwa kweli yamepanuliwa. Pamoja na hilo kuna kiwakilishi. Kiswahili hakituulizi kama mhakiki ni mwanamume au mwanamke, "naye" linatosha. Mfasiri alipoandika `him` amemtungia jinsia mtu asiyemjua. Rudia tu `the reviewer`, au panga sentensi isihitaji kiwakilishi.

Mwisho wa aya kuna "hatujaziongeza". Kwa Kiswahili cha uangalifu, kiambishi "-ja-" kinaacha mlango wazi: jambo halijafanyika, laweza kufanyika. Mfasiri mwaminifu ameongeza `yet`, na mhariri sasa anasubiri thamani za p katika toleo linalofuata. Waandishi walimaanisha "tumeamua kutoziongeza". Hapa kosa si la mfasiri. Aliyeandika kwa Kiswahili ndiye aliyeacha uamuzi wake ukiwa nusu.

Ndiyo sababu nashauri marekebisho yaanzie kwenye Kiswahili, si kwenye Kiingereza. Kabla ya kutafsiri, waandishi wajiulize kila sentensi inafanya kazi gani: inashukuru, inakubali, inakataa, au inatoa sababu? Sentensi isiyo na kazi hata moja kati ya hizo iondolewe. Katika mfano wetu, swali hilo linaibua jambo ambalo rasimu ya kwanza ililificha. Mhakiki amekosea kuhusu thamani za p, lakini wasiwasi wake kuhusu umri una mantiki. Presha hupanda kadiri watu wanavyozeeka, na tofauti ya miaka mitano inaweza kuwa na uzito. Jibu la kitakwimu kwa wasiwasi huo ni kurudia uchambuzi huku umri ukizingatiwa, na kueleza wazi kwamba uchambuzi huo haukuwa kwenye mpango wa awali. Tuseme waandishi wameufanya, na tofauti ikatoka 6 ikawa 7 mmHg. Inaelekea upande unaotarajiwa, kwa sababu kikundi cha ujumbe ndicho kilichokuwa na umri mkubwa, yaani kilianza na mzigo.

Na lile dai kwamba ugawaji haukufaulu? Thamani ya p isingelijibu vizuri. Linajibiwa kwa kueleza ugawaji ulivyofanyika: nani alitengeneza orodha, kwa programu gani, na kama aliyekuwa akiwaandikisha washiriki angeweza kujua mapema mtu anayefuata anaangukia kikundi gani. Kama majina ya vikundi yalikuwa ndani ya bahasha zisizopenya mwanga, zilizofungwa na kupewa namba, na zilifunguliwa baada ya mshiriki kuandikishwa, hilo ndilo la kuandika. Mhakiki ana haki ya kulijua, na makala nyingi hulipitia kwa mstari mmoja.

Rasimu ya pili ya Kiswahili ikawa hivi:

> Tunamshukuru mhakiki kwa kutuonyesha tofauti ya umri katika Jedwali la 1. Tunakubali kwamba umri unaweza kuathiri presha, na tumeongeza uchambuzi unaouzingatia, ambao haukupangwa awali (uk. 9, mistari 210–216), tofauti kati ya vikundi ilitoka 6 ikawa 7 mmHg. Tumeamua kutoongeza thamani za p katika Jedwali la 1. Kwa kuwa washiriki waligawanywa katika vikundi kwa nasibu, tofauti za mwanzoni zinatokana na bahati, na kipimo hicho hakiwezi kuonyesha kama tofauti fulani ina uzito juu ya matokeo. Waraka wa ufafanuzi wa CONSORT 2010 unashauri vivyo hivyo. Sasa tumeeleza kwa ukamilifu jinsi ugawaji ulivyofanyika (uk. 5, mistari 98–104).

Na Kiingereza chake:

```
We thank the reviewer for drawing our attention to the age difference
in Table 1. We agree that age may affect blood pressure and have added
an age-adjusted analysis, which was not pre-specified (p. 9, lines
210–216); the difference between groups changed from 6 to 7 mmHg.
We have chosen not to add p-values to Table 1. Because participants
were randomly allocated, baseline differences arise by chance, and a
test cannot show whether a given difference matters for the outcome.
The CONSORT 2010 explanatory paper gives the same advice. We now
describe the allocation procedure in full (p. 5, lines 98–104).
```

Tazama kukataa kumekaa wapi. Kuko katikati, kwa sentensi fupi isiyo na "huenda" wala "pengine", na sababu inafuata papo hapo. Adabu haikuwekwa kwenye sentensi ya kukataa. Imewekwa kabla yake, katika kukubali lile lililo sahihi na kulifanyia kazi. Hili huwasumbua sana wanaotoka kwenye Kiswahili, kwa sababu tumezoea kulipaka mafuta neno gumu lenyewe. Ukilipaka mno kwa Kiingereza, mhariri hajui kama umekataa au bado unafikiria. `We have chosen not to` ni kauli tulivu ya mtu aliyeamua, na mhakiki hatajwi ndani yake.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa tafsiri peke yake. Maoni ya mhakiki yalikuja kwa Kiingereza. Waandishi waliyageuza Kiswahili ili wajadiliane, wakayanakili kwenye rasimu yao juu ya kila jibu. Mfasiri akipokea rasimu hiyo nzima, atayarudisha maoni hayo kwenye Kiingereza kwa maneno yake mwenyewe. Matokeo yake mhakiki anakuta amenukuliwa akisema asichokisema: aliandika kwamba ugawaji "unaonekana" haukufaulu, na sasa anasoma kwamba alisema "ulishindikana". Hata awe mpole kiasi gani, atakasirika, na ana haki. Maoni ya mhakiki yasitafsiriwe kurudi. Yachukuliwe kutoka kwenye barua ya mhariri kama yalivyo, hata yakiwa na makosa ya chapa.

Dhana moja nyingine inahitaji kuondolewa, nayo ni kwamba njia salama ni kutopinga waziwazi. Wapo wanaoandika "tunashukuru, maoni yamezingatiwa" na kuiacha makala kama ilivyokuwa. Kwa Kiswahili cha mikutano kauli hiyo inaeleweka: tumekusikia, basi. Kwa Kiingereza, `we have taken this into consideration` humfanya mhariri afungue makala kutafuta mabadiliko. Asipoyaona, tatizo linaacha kuwa la thamani za p na kuwa la uaminifu, na kuanzia hapo atakagua kila jibu jingine kwa shaka. Kupinga waziwazi ni heshima kubwa zaidi kuliko kujifanya umekubali.

Kabla ya kutuma, kuna jaribio moja ninaloliamini. Mpe barua ya Kiingereza mtu anayeijua lugha hiyo vizuri lakini hajaiona rasimu ya Kiswahili, kisha mwombe akueleze kwa Kiswahili mambo matatu: wamekubali nini, wamekataa nini, na kwa sababu gani. Rasimu ya kwanza ingemfanya aseme: wameomba msamaha kuhusu umri, wanadhani mhakiki haelewi, na wataongeza thamani za p baadaye. Majibu matatu, yote si waliyoyakusudia waandishi. Kwa rasimu ya pili anapaswa kuyataja sawasawa bila kurudi kusoma. Akisita kwenye lolote, sentensi ya kurekebisha ni ile aliyosita nayo.

Hata barua ikiwa nzuri, mhariri anaweza kusisitiza, hasa pale utaratibu wa jarida lake unapodai thamani za p katika kila jedwali. Hapo uamuzi ni wake, na waandishi wana njia mbili: kuipeleka makala kwingine, au kuziweka thamani hizo kwenye kiambatisho, pamoja na sentensi moja inayosema zimewekwa kwa matakwa ya jarida na kwamba hazikutumika kuamua sifa zipi ziingizwe kwenye uchambuzi. Sentensi hiyo iandikwe kwa uangalifu uleule, kwa sababu itabaki ndani ya makala iliyochapishwa, ambako wasomaji wataiona bila barua iliyoizaa.